Siku ya Kazi Inayotangulia

Tangazo lile nililiandika mimi, kwa mkono wangu, na sitaki mtu aniambie kwamba si kosa langu. Wameniambia wengi. Mpishi wa kantini ameniambia, mlinzi wa getini ameniambia, hata mhasibu mkuu mwenyewe alinipigapiga begani akasema nisijibebeshe. Nawashukuru. Lakini ninayemzungumzia hapa ni yule mwanamke wa vifungo, na habari zake haziwezi kusimuliwa bila tangazo lile.

Kiwandani kwetu tunashona mashati na sare. Watu mia mbili na kumi na wanne, kelele za mashine mtindo mmoja, vumbi la pamba mpaka kwenye chai. Yeye alikuwa meza ya mwisho, ya vifungo. Alikuja akiwa na miaka kumi na tisa na hajawahi kuhamishwa meza hiyo, miaka kumi na minne sasa, ndiyo maana watu walimwita Vifungo, na jina lake halisi nililiona mimi tu kwenye orodha ya mishahara. Alikuwa akitia mkono ndani ya kopo bila kutazama, akatoa vifungo saba vya ukubwa mmoja. Msimamizi wa zamu aliwahi kumfunga macho kwa kitambaa ili kumkomesha, wakawekeana dau la soda. Vifungo akatoa saba, kisha akatoa cha nane akamwambia, "Hiki cha shati lako, bosi, limekuachia kitovu." Ukumbi mzima ulicheka na msimamizi akanunua soda.

Alikuwa na mdomo huyo. Mtu asiyemjua angedhani mwanamke yule hana shida duniani.

Mimi ni karani wa mishahara. Nina dirisha dogo lenye nondo linalotazama ukumbi, na watu huja kunieleza kila kitu, kwa sababu mtu anayejua mshahara wako huoni haya kumweleza na mengine. Kwa hiyo nilijua kwamba Vifungo hajawahi kushika mshahara wake. Siku alipoajiriwa hakuwa na simu, basi akaunti ya benki ilifunguliwa kwa jina lake na kwa namba ya simu ya mchumba wake, ambaye baadaye akawa mume. Kadi ikakaa kwa mume. Namba ya siri ikakaa kwa mume. Kila asubuhi mume alimpa nauli ya kuja na ya kurudi, sawasawa, bila senti ya ziada. Siku moja nauli ilipanda ghafla njiani na Vifungo akarudi kwa miguu, mwendo wa saa mbili na nusu, na alipofika aliulizwa alikuwa wapi.

Mume hakuwa mlevi. Nasema hili kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba alikuwa mlevi, wapate kutulia. Alikuwa mtu nadhifu, anayesalimia majirani, asiyekuwa na kazi maalumu, na aliyeamini kwa dhati kwamba mwanamke akishika pesa atapotea. "Ananitunzia," Vifungo aliniambia mara moja dirishani. "Anatunza vizuri mno, dada. Hata mimi mwenyewe sizioni."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Mwaka huu alikata shauri. Hakuniambia ni nini hasa kilichomfikisha, nami sikuuliza, ila nilijua kwamba binti yao alikuwa amefika miaka kumi na mbili na baba yake alikuwa ameanza kumpa naye nauli ya shule kwa mtindo uleule, ya kwenda na ya kurudi, akimhesabia mkononi. Vifungo alitafuta chumba. Alikipata upande wa pili wa soko, nyumba ya mama mmoja mjane, dirisha moja, bomba uani. Mjane alitaka kodi ya mwezi na dhamana ya mwezi mwingine, na akampa mpaka Jumamosi saa nane mchana, tarehe ishirini na saba. Nusu ya kwanza Vifungo alikuwa nayo. Alikuwa ameidunduliza miezi kumi na moja kwa kushonea majirani zipu wakati wa mapumziko ya mchana, na ilikuwa imefichwa ndani ya kopo la vifungo vya kijani ambavyo havitumiki. Nusu ya pili ingetoka kwenye mshahara.

Sasa nieleze jambo la mshahara, maana hapo ndipo kila kitu kilipopindia.

Sisi hulipwa tarehe ishirini na nane. Mwezi ule tarehe ishirini na nane iliangukia Jumapili. Kanuni ya kampuni inasema siku ya malipo ikiangukia siku isiyo ya kazi, mshahara unarudi nyuma mpaka siku ya kazi inayotangulia. Hapo kila mara hutokea zogo, kwa sababu sisi Jumamosi tunafanya kazi mpaka saa saba, na mtu wa kiwandani akisikia siku ya kazi anafikiri Jumamosi. Lakini siku ya kazi inayotajwa ni ya benki, si yetu, na benki yetu haipitishi malipo ya mishahara Jumamosi. Kwa hiyo ni Ijumaa, tarehe ishirini na sita. Wakati huohuo nami naanza kusukumwa. Faili la mishahara lazima lifike benki siku mbili za kazi kabla, yaani Jumatano saa sita mchana. Na mabadiliko yoyote, mtu aliyehama akaunti, aliyefariki, aliyeongezwa, lazima niwe nayo Jumanne. Miezi ya kawaida napokea fomu mpaka tarehe ishirini na tano, na kila mtu kiwandani anaijua tarehe hiyo, imekaa kwenye vichwa vyao. Mwezi ule iliangukia Alhamisi, wakati faili limeshakwenda zake.

Haya yote niliyaandika kwenye tangazo. Nilimpelekea mhasibu mkuu karatasi yenye aya mbili. Ya kwanza ilisema mshahara utalipwa Ijumaa tarehe ishirini na sita badala ya Jumapili tarehe ishirini na nane. Ya pili ilisema kwa sababu hiyo mwisho wa kupokea fomu za mabadiliko ni Jumanne tarehe ishirini na tatu badala ya ishirini na tano.

Akavuta kalamu akaikata aya ya pili.

"Tangazo si barua ya mapenzi," alisema. "Watu wanataka kujua pesa inaingia lini. Basi. Ukiwajazia maneno hawasomi."

"Na mwenye fomu je?"

"Wenye fomu ni wangapi kwa mwezi? Wawili? Watatu? Watakuja kukuuliza."

Nilikuwa na maneno mdomoni. Nikayameza. Miaka kumi na nane ya kazi imenifundisha kumeza, nimekuwa hodari. Ningeweza kurudi mezani kwangu nikaandika sentensi moja kwa kalamu chini ya tangazo, nani angenifunga? Sikuandika. Nikachapa aya moja, nikapiga muhuri, nikabandika ubaoni Jumatatu ya tarehe kumi na tano, na watu wakasongamana pale wakifurahi.

Ubishi ukaanza, kama kawaida. Mkata vitambaa akashikilia kwamba ni Jumamosi. Mpiga pasi akamwambia aende benki Jumamosi akaipige pasi kama itafunguka. Mmoja akalalamika kwamba mshahara ukija mapema mwezi unaofuata unakuwa mrefu kama mkia wa ng'ombe, na hapo alisema kweli, maana siku hazipungui, zinahamia mbele tu. Vifungo alikuwa pale. Nilimwona akisoma tangazo taratibu, kidole kikitembea chini ya mstari, kisha akatabasamu peke yake. Nilidhani anafurahia pesa ya mapema kama wenzake. Baadaye ndipo nilipojua alichokuwa akihesabu: Ijumaa pesa inaingia, Jumamosi analipa chumba. Kama ingekuwa Jumapili asingewahi. Tangazo langu ndilo lililompa moyo.

Alikuja dirishani Alhamisi, tarehe ishirini na tano, saa mbili asubuhi. Alikuwa wa kwanza. Amevaa kitambaa cha kichwa kipya na ameshika bahasha kwa mikono miwili. Ndani kulikuwa na fomu ya kubadili akaunti, imejazwa vizuri, na barua ya benki nyingine yenye akaunti mpya, jina lake, na namba ya simu yake mwenyewe. Alikuwa amenunua simu ndogo ya kubofya. Alinionyesha, akaificha tena kifuani.

"Nimewahi, dada," alisema. "Tarehe ishirini na tano. Kadi nimeipata jana jioni, nikasema hapana, hii hailali."

Nilitazama ile fomu, na nahisi alijua kabla sijafungua mdomo, kwa sababu tabasamu lilibaki pale usoni lakini macho yaliondoka.

"Faili lilikwenda jana," nikasema.

"Lilikwenda wapi?"

"Benki. Mshahara ukirudi nyuma, na faili linarudi nyuma. Mwisho wa fomu ulikuwa juzi."

Akageuka akatazama ubao wa matangazo. Ulikuwa hatua sita tu kutoka dirishani. Alikwenda, akausoma tena, kidole chini ya mstari, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, kisha akarudi.

"Haikuandikwa," alisema. Hakuwa akinilaumu. Alikuwa akiniambia tu, kama mtu anayekujulisha kwamba umesahau mwavuli.

Hapo ndipo aliponieleza yote, chumba, mjane, Jumamosi saa nane. Nilimwambia asubiri. Nikaingia kwa mhasibu mkuu bila kubisha hodi, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikamweleza yaliyomhusu na yasiyomhusu. Kwa haki yake, alisikiliza. Akapiga simu benki mbele yangu. Jibu la benki lilikuwa kwamba mstari mmoja hautolewi ndani ya faili ambalo limeshaidhinishwa. Likiombwa, linarudishwa faili zima, linarekebishwa, linatiwa saini mbili upya, na linahesabiwa siku mbili za kazi tena. Yaani watu wote wangelipwa Jumatatu, tarehe ishirini na tisa.

Akaweka simu chini.

"Watu mia mbili na kumi na wanne," akasema. "Nimewaahidi Ijumaa kwa maandishi. Wengine wamewaahidi wenye maduka, wengine wana wagonjwa. Nikawaambie nini? Kwamba kuna mke na mume hawaelewani?"

"Aya ya pili uliikata wewe," nikamwambia.

"Na wewe ukaichapa hivyohivyo," akasema, bila hasira yoyote.

Nikaomba basi kampuni impe mkopo wa mshahara kwa fedha taslimu. Akanikumbusha mikopo ya mshahara hufungwa tarehe kumi na tano. Kanuni hiyo naijua, naisimamia mimi. Nimewarudisha watu kwa kanuni hiyo wakilia.

Nilirudi dirishani na nilichokuwa nacho mkobani, kidogo, hata robo ya kodi hakikufika. Vifungo alikitazama, akakisukuma kurudi upande wangu wa nondo. Alisema mjane hapokei vipande. Nikamwambia basi kesho benki ikifunguka saa mbili na nusu aende kaunta na kitambulisho, akaunti ni yake, jina ni lake, wampe pesa yake dirishani, kadi au bila kadi. Sikumwambia jambo ambalo sote wawili tulilijua, kwamba mashine ya kutolea pesa haina saa ya kufungua.

Fomu yake niliipokea kwa ajili ya mwezi unaofuata. Ndivyo kanuni inavyosema.

Ijumaa ilivyokuwa alinisimulia mwenyewe, kwa maneno machache. Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri alikuwa akichemsha maji ya kuoga. Simu ya mume ikalia mara moja, mlio mfupi, ule wa ujumbe wa benki. Miaka kumi na minne ameusikia mlio huo kila mwezi na hajawahi kuujali. Mume akausoma kitandani, akashangaa, akasema, "Leo mapema?" Yeye akajibu kwamba tarehe ishirini na nane ni Jumapili. Mume akasema kampuni yenu ina utu. Akavaa shati, akachana nywele, akatoka. Vifungo akaendelea kuchemsha maji, kwa sababu angefanya nini? Kumshika miguu?

Hata hivyo alikwenda benki. Msimamizi wa zamu alimpa ruhusa ya saa moja, na nusu yake ilikwisha kwenye foleni. Karani wa kaunta, binti mdogo mwenye adabu, alitazama kompyuta yake akamwambia salio halitoshi kutolewa. Akamuuliza kama angependa kuandikishiwa kupokea taarifa kwa simu.

Jumamosi saa saba filimbi ilipolia, tulimwona akitoka getini na begi. Alikuwa ameliingiza asubuhi akalifichia chini ya meza, na mlinzi alijitia hamnazo. Binti yake alikuwa akimsubiri nje na mfuko wa vitabu. Nilijua hana pesa na nilijua anakokwenda, na bado nilikaa dirishani kwangu nikaandika taarifa ya mwisho wa mwezi. Nilijiambia labda mjane ana huruma. Nimejiambia mambo mengi ya namna hiyo maishani.

Mjane aliipokea ile nusu, akaihesabu, akairudisha. Alisema hana ubaya na mtu, ila uani kuna kijana amekuja na kodi kamili na amesimama pale tangu saa sita. Kweli alikuwepo, na godoro lake kichwani. Alimpisha Vifungo kwa heshima, akasema, "Samahani, mama."

Basi wakarudi nyumbani, kwa miguu, mama, binti, begi. Kwingine hawakuwa na pa kwenda, na nauli ya Jumamosi ilikuwa ya mtu mmoja, ya kwenda na kurudi kazini tu, na ile nusu ya kodi hakutaka kuigusa. Mume alikuwa amekaa mlangoni akisoma gazeti. Alilitazama begi. Akauliza safari ilikuwa ya wapi, na kabla Vifungo hajajibu akalipokea begi kutoka mkononi mwake, polepole, kama mwenyeji anayempokea mgeni, akalifungua palepale mlangoni majirani wakiona. Akatoa nguo moja moja. Chini kabisa akakuta kopo, na simu, na kadi.

Jumatatu Vifungo alikuja kazini amejifunga kitambaa mpaka chini ya kidevu, kwenye joto lile. Hakuna aliyemtania. Msimamizi wa zamu alimpelekea glasi ya maji mezani kwake. Saa nne, wakati wa chai, alikuja dirishani.

Alipitisha karatasi chini ya nondo. Ilikuwa fomu ya kubadili akaunti, kurudisha mshahara kwenye akaunti ya zamani kuanzia mwezi unaofuata. Mwandiko wa mume, herufi kubwa safi, kila kisanduku kimejazwa. Yake ilikuwa saini tu. Tarehe ilikuwa ishirini na tisa, karibu mwezi mzima kabla ya siku ya mwisho. Sijawahi kupokea fomu iliyowahi namna ile.

Nikainama karibu na nondo. Nikamwambia kwa sauti ya chini nitaiweka kwenye droo. Nitasema imechelewa, nitasema imepotea, nitasema kompyuta imeikataa. Mshahara ujao utaingia kwenye akaunti yake mpya, aende kaunta na kitambulisho, atafute chumba kingine. Nilitaka sana akubali, na sidhani nilitaka kwa ajili yake peke yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amechoka mno hata asiweze kunichukia.

"Alhamisi ulikuwa huwezi, dada," alisema. "Kulikuwa na watu mia mbili na kitu. Leo wamekwenda wapi?"

Nilingoja aseme lolote lingine, hata tusi. Nyuma yake mashine zilikuwa zimeanza tena na msimamizi alikuwa akitazama saa yake. Nikavuta muhuri, nikaipiga fomu, imepokelewa, nikaandika tarehe. Yeye hakuondoka. Alisimama akisubiri nakala, kwa sababu mume alikuwa amemwagiza arudi nayo.